Shajara ya mradi: hadithi ya kimeng'enya kilichokosa lisosomu

3 Machi. Tunachotafuta

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakimaliza mada ya usafirishaji wa protini huwa wameshika orodha: ribosomu, retikulamu, Golgi, kifuko, utando wa seli. Waambie wachore, watachora vizuri. Lakini uliza swali la kuvuruga mambo kidogo kuhusu lisosomu, chumba cha kuvunjia taka za seli, kwa mfano: "Kimeng'enya cha lisosomu kikikosa alama ya sukari iitwayo manosi-6-fosfeti, kitaishia wapi?" Wengi wanajibu kwamba kitabaki Golgi, au kitavunjwa. Jibu sahihi ni kwamba kitatolewa nje ya seli. Anayejua hivyo ameuelewa mfumo. Anayejua orodha tu hajaufikia bado.

Mradi huu ni wa kuandika hadithi moja ya kurasa mbili, ya kusomwa kwa sauti darasani kwa muda usiozidi nusu saa. Kipimo chake ni hiki: mwanafunzi aliyeisikia mara moja, baada ya wiki mbili aweze kubashiri protini itaishia wapi tukiondoa ishara moja au kuongeza nyingine. Asipoweza, hadithi imefeli hata kama imempendeza.

Naandika shajara hii ili mwalimu mwingine akitaka kuichukua kazi aione na njia zilizofungwa.

14 Machi. Rasimu ya kwanza: kifurushi cha basi. Imeachwa

Wazo la kwanza lilikuja haraka: protini ni kifurushi kinachotumwa kwa basi, kimeandikwa anwani, retikulamu ni mahali pa kufungia mzigo, Golgi ni stendi kuu ambapo mizigo inapangwa upya, na kila kifuko ni basi la kwenda mji wake. Iliandikika kwa urahisi, na mwalimu mwenzangu aliyeisoma alisema inapendeza. Nikaisoma kwa kikundi kidogo cha wanafunzi, kisha nikawaomba wanisimulie upya biolojia yenyewe bila kutaja basi wala stendi.

Masimulizi yao ndiyo yaliyoniambia tatizo. Karibu wote walisema ribosomu inamaliza kutengeneza protini, halafu protini inapelekwa retikulamu. Hilo si sahihi kwa protini hizi, na kosa lilitoka ndani ya hadithi, kwa sababu kifurushi lazima kiwe kimekamilika ndipo kitumwe. Katika seli, ribosomu huanza kusoma ujumbe ikiwa bado inaelea kwenye sitosoli, majimaji ya seli. Kipande cha mwanzo cha mnyororo, kwa kawaida amino asidi 15 hadi 30 na katikati yake zile zinazokimbia maji, kinapochomoza nje ya ribosomu, kinakamatwa na chembe tambuzi yenye protini sita na kipande kimoja cha RNA. Chembe hiyo inasimamisha usomaji kwa muda, inaipeleka ribosomu yote kwenye utando wa retikulamu, inaikabidhi kwenye mlango wa protini uitwao Sec61, na ndipo usomaji unaendelea. Mnyororo unaingia ndani huku ungali unatengenezwa. Kile kipande cha mwanzo hukatwa wakati kazi inaendelea.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo. Kifurushi kina anwani moja, imeandikwa mwanzoni, na inasomwa hadi mwisho wa safari. Protini haina anwani ya namna hiyo. Ishara ya kwanza inaamua jambo moja tu: ingia retikulamu au baki sitosoli. Ikishakatwa, haisomwi tena popote. Ishara ya kuingia lisosomu haimo kwenye kipande kile kabisa. Inatengenezwa baadaye, kwenye Golgi, juu ya sukari ambazo protini ilivikwa ndani ya retikulamu. Kwa maneno mengine, chumba kimoja kinaandika kitu ambacho chumba kinachofuata kitakisoma. Hadithi ya basi haikuwa na mahali pa kuweka jambo hilo, na nilipojaribu kuliongeza, stendi ikajaa makarani wa kubandika lebo mpya juu ya lebo. Wanafunzi wakawakumbuka makarani, wakasahau sukari.

Nimeiacha. Mfano wa namna hii hufundisha tabia za mfano wenyewe, na mwanafunzi hawezi kujua ni tabia zipi za kuchukua na zipi za kuacha.

Gharama mpaka hapa: nakala za rasimu kwa kikundi, shilingi 100 kwa ukurasa steshenari. Muda wa kuandika ulikuwa mdogo. Uliokwenda ni ule wa kusikiliza masimulizi, na ningeutumia tena bila kusita.

28 Machi. Rasimu ya pili: kesi ya kweli

Nimeamua kuacha mfano na kusimulia jambo lililotokea. Kuna kesi moja inayoibeba mada hii nzima: ugonjwa wa seli I, ambao watoto wanazaliwa nao.

Mwaka 1967 Leroy na DeMars walieleza seli za ngozi za wagonjwa, zilizooteshwa maabara, zikiwa zimejaa vijumba vyeusi chini ya darubini. Ndiyo maana ya ile I: herufi ya kwanza ya neno lililotumika kuvitaja vijumba hivyo. Vilikuwa lisosomu zilizovimba kwa taka zisizovunjwa. Lisosomu ya kawaida ina vimeng'enya zaidi ya 50 vya kuvunja mafuta, sukari ndefu na protini chakavu. Kwa wagonjwa hawa, karibu vyote havikuwemo kwa wakati mmoja. Lakini vilikuwepo kwa wingi kwenye damu, na kwenye kimiminiko kilichozioteshea seli zao.

Hapo ndipo penye hadithi. Vimeng'enya vimetengenezwa, ni vizima, vinafanya kazi ukivipima kwenye chupa, ila viko mahali pasipo pake. Swali linamvuta msomaji lenyewe bila kupambwa: nani alivitoa nje?

Mwaka 1972 Hickman na Neufeld, maabara ya Bethesda, Maryland, walijibu kwa kubadilishana vimiminiko. Nanukuu sehemu ya hadithi jinsi ilivyo sasa, kwa kuwa hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote:

*Dhana ya kwanza ilikuwa rahisi: lisosomu za wagonjwa zinavuja. Vimeng'enya vinaingia, kisha vinatoroka. Kama ni hivyo, vimeng'enya vya mtu asiye na ugonjwa navyo vikiingizwa humo vitatoroka.*

*Wakachukua vimeng'enya vilivyotolewa na seli za mtu asiye na ugonjwa, wakaviweka kwenye chupa yenye seli za mgonjwa. Seli zikavimeza. Wakasubiri. Vimeng'enya havikutoka. Vilikaa ndani, kwenye lisosomu zilezile zilizodhaniwa kuvuja.*

*Basi lisosomu ni nzima. Na mdomo wa kumezea ni mzima.*

*Wakageuza jaribio. Vimeng'enya vilivyotolewa na seli za mgonjwa wakaviweka kwenye seli za mtu mwingine ambaye seli zake zilikuwa na uwezo wote wa kumeza. Seli zile hazikuvichukua. Vimeng'enya vilikuwepo, vimeizunguka seli pande zote, na seli ikawa haivioni.*

*Kilichokosekana hakikuwa kwenye nyumba. Kilikuwa kwenye mgeni.*

Mistari miwili ya mwisho nimeibishania mwenyewe kwa muda. Nimeiacha kwa sababu mwanafunzi akifika hapo anatakiwa awe amekwisha kusema jibu moyoni, na mistari inampa nafasi ya kuhakiki. Baada ya hapo msomaji wa darasani anasimama na kuuliza: kimeng'enya kimekosa nini? Hakuna kuendelea mpaka wajibu.

Jibu lilikuja kwa hatua. Mwaka 1977 Kaplan, Achord na Sly walionyesha kwamba manosi-6-fosfeti, sukari ya manosi yenye fosfeti kwenye kaboni ya sita, inazuia seli kuvimeza vimeng'enya. Sukari hiyo ikimiminwa kwenye chupa, vipokezi vinashikwa nayo na vimeng'enya vinabaki nje. Alama ikajulikana. Mwaka 1981 makundi mawili, la Hasilik, Waheed na von Figura, na la Reitman, Varki na Kornfeld, yaligundua kwamba seli za wagonjwa hazina kimeng'enya cha Golgi kinachoanza kuiweka alama hiyo. Jeni yake inajulikana leo kwa herufi `GNPTAB`. Kimeng'enya kimoja cha Golgi kikikosekana, karibu vyote vya lisosomu vinapotea njia.

9 Aprili. Jaribio la kwanza, na sehemu mbili zilizobomoka

Kikundi kingine, wanafunzi ambao hawakusikia hadithi ya basi. Waliisikiliza vizuri na jibu la kitendawili walilipata. Matatizo yalijitokeza kwenye maswali ya baadaye.

La kwanza: mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, kama kimekosa alama, mbona Golgi haikukizuia? Kwa nini kikaruhusiwa kutoka?" Swali zuri kuliko yote tuliyoandaa, na hadithi haikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimulia kupotea bila kusimulia njia kuu inaelekea wapi. Kwa protini iliyomo ndani ya mfumo huu, imeyeyuka na imekunjwa sawasawa, kutoka nje ndiko inakokwenda isipoambiwa vingine. Anayetakiwa kuwa na ishara ni yule anayebaki njiani. Protini za kazi za retikulamu zina ishara ya kurudishwa, amino asidi nne za mwisho, `KDEL`, iliyoelezwa na Munro na Pelham mwaka 1987. Zikiteleza hadi Golgi, kipokezi kinazikamata na kuzirudisha. Vimeng'enya vya lisosomu vina manosi-6-fosfeti. Visivyo na chochote vinasonga na mkondo hadi utando wa seli.

Dawa yake: nimeongeza aya moja kabla ya kitendawili, inayoanza na mtu ambaye hakupotea. Ni jaribio la Palade na Jamieson la mwaka 1967 kwenye kongosho ya simbilisi. Walizipa seli amino asidi ya lusini yenye mnururisho kwa dakika tatu tu, kisha wakazipa lusini ya kawaida, na kuangalia mnururisho uko wapi kadiri muda ulivyokwenda. Mwanzoni ulikuwa kwenye retikulamu yenye ribosomu. Dakika chache baadaye ulikuwa ukingoni mwa Golgi. Karibu saa mbili baadaye ulikuwa kwenye vifuko vilivyosubiri kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Mwanafunzi anauona mkondo wenyewe kabla ya kuambiwa kuna anayetoka ndani yake.

La pili lilibomoka kimyakimya. Kwenye karatasi zao, wengi waliandika kwamba wagonjwa wa seli I "hawana ishara kwenye mwanzo wa protini". Waliziunganisha ishara mbili kuwa moja. Hii ni anwani ya basi imerudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii hakukuwa na basi la kulaumiwa. Hadithi ilitaja ishara ya kwanza kwa sentensi moja kisha ikarukia ya pili.

Nilijaribu kwanza kuongeza maelezo. Haikusaidia, maelezo yaliyoongezwa yalisomwa na kupitwa. Kilichosaidia ni kuipa ishara ya kwanza tukio lake. Mwaka 1972 Milstein na wenzake walitafsiri RNA ya mnyororo mwepesi wa kingamwili nje ya seli, bila vipande vya retikulamu, na protini iliyotoka ikawa ndefu kuliko ile inayotolewa na seli. Kulikuwa na kipande cha ziada mwanzoni. Mwaka 1975 Blobel na Dobberstein wakaongeza vipande vya retikulamu kutoka kongosho ya mbwa. Wakiviweka tangu kazi inaanza, protini ilitoka fupi, na kimeng'enya cha kuvunja protini kilichoongezwa nje hakikuigusa, kwa kuwa ilikuwa ndani ya utando. Wakiviweka baada ya mnyororo kukamilika, ilibaki ndefu na ikavunjwa.

Jaribio hilo linamaliza mambo mawili kwa pamoja: kipande cha mwanzo kinakatwa, kwa hiyo hakiwezi kuwa ndicho kinachosomwa Golgi, na kuingia lazima kutokee wakati wa kutengenezwa. Nimeligawa katika matukio mawili, "mapema" na "umechelewa", na wanafunzi wanaambiwa wabashiri kabla ya kusikia tokeo la pili.

23 Aprili. Kupima ukweli wa hadithi

Nilimpa rasimu mwenzangu anayefundisha baiokemia aisome kwa jicho la kutafuta kosa. Alirudi na mambo matatu.

Kwanza, sentensi yangu "Golgi hubandika manosi-6-fosfeti" inaruka hatua. Miti ya sukari 14 inawekwa kwa mkupuo ndani ya retikulamu, kwenye asparajini iliyo katika mpangilio maalumu, na inapunguzwa matawi. Kwenye Golgi kimeng'enya cha kwanza kinaweka fosfeti ikiwa imefunikwa na sukari nyingine. Cha pili kinaondoa kifuniko. Tena kile cha kwanza hakisomi mfuatano mmoja ulionyooka: kinatambua sehemu ya uso wa protini iliyokwisha kukunjwa, ambamo lisini zina kazi kubwa. Hivyo protini isiyokunjwa vizuri haitambuliki. Nimeiingiza hatua ya kukunjwa kwa sentensi mbili na kifuniko kwa sentensi moja. Uso wa protini umebaki kwenye ukurasa wa mwalimu, kwa sababu ukiingizwa kwenye hadithi unaiua kasi ya kitendawili.

Pili, Neufeld na Hickman walidhani kwamba vimeng'enya vya kawaida hutolewa nje kwanza kisha humezwa tena. Baadaye ilionekana kwamba vingi vinakwenda moja kwa moja kutoka Golgi: kipokezi kinavikamata upande wa mwisho wa Golgi, kinaviingiza kwenye vifuko vilivyovikwa protini ya klathrini, na kinaviachia pale pH inaposhuka kwenye endosomu, chumba kilicho njiani kuelekea lisosomu. Kumeza kutoka nje ni njia ya akiba. Nimeiacha dhana yao ndani ya hadithi na kusema wazi kwamba ilirekebishwa. Jaribio lilikuwa sahihi. Ramani iliyochorwa kutoka humo ilikuwa na njia moja isiyo kuu. Wanafunzi wanapaswa kuona kwamba mambo hayo mawili hutenganishika.

Tatu ndilo lililonisumbua zaidi. Si kila seli ya mgonjwa imepoteza vimeng'enya: ini lina vingi karibu na kiwango cha kawaida. Na kimeng'enya glukoserebrosidasi hakitumii manosi-6-fosfeti hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Kinasindikizwa na protini ya utando iitwayo LIMP-2. Hadithi ikisema "vimeng'enya vyote, seli zote" inadanganya. Nimebadilisha kuwa "karibu vyote, kwenye seli za ngozi zilizooteshwa", na glukoserebrosidasi imekuwa swali la mwisho la wale wanaotaka zaidi.

7 Mei. Darasa zima, na maswali manne

Hadithi ilisomwa darasani wiki mbili zilizopita. Msomaji ni mmoja, anasimama pale palipoandikwa SIMAMA, na hakuna slaidi mpaka mwisho. Kurudufu hadithi na karatasi ya maswali kumegharimu shilingi 300 kwa kila mwanafunzi. Anayetaka kupunguza awape maswali tu. Hadithi inasikilizwa vizuri zaidi bila karatasi mkononi.

Maswali ni ya kubashiri, yanatolewa wiki mbili baadaye bila tangazo. Yote yanahusu heksosaminidasi, kimeng'enya kimoja cha lisosomu, ili wasihangaike na majina.

*Ukikata kipande chake cha mwanzo kabla hakijaanza kutengenezwa?* Kitabaki sitosoli, bila sukari. Hapa wengi wamepata. Waliokosa waliandika kitatolewa nje, yaani walisahau kwamba ili utoke nje lazima kwanza uingie retikulamu.

*Ukiongeza `KDEL` mwishoni mwake?* Kitarudishwa retikulamu kila kikifika Golgi, kwa hiyo kitajikusanya huko. Wamepata vizuri. Wachache wameongeza wenyewe kwamba baadhi yake inaweza kuponyoka, nami nawapa alama.

*Seli ikikosa kimeng'enya cha kwanza cha Golgi?* Hii ni hadithi yenyewe, na karibu kila mmoja amejibu: nje. Swali hili peke yake halipimi kitu, ila nimeliweka kama kigezo. Anayelikosa hakuwepo au hakusikiliza.

*Ukiweka klorokwini kwenye chupa ya seli zisizo na ugonjwa?* Hapa ndipo palipotenganisha watu. Dawa hii, ambayo wazazi wao waliinywa kwa malaria, ni besi dhaifu. Inaingia kwenye vyumba vyenye asidi na kupandisha pH. Kipokezi kinabaki kimeshika mzigo, hakirudi Golgi mikono mitupu, na punde hakuna kipokezi huru cha kukamata vimeng'enya vinavyofuata. Vyote vina alama, na bado vinatoka nje. Mwanafunzi anayefika hapo ameelewa kwamba alama bila msomaji haimfikishi mtu.

Nusu hivi ya darasa ilikwama kwenye hili. Nikapitia karatasi zao: karibu wote walijua klorokwini inapandisha pH, wakasema kimeng'enya kitafika lisosomu lakini hakitafanya kazi kwa sababu kimezoea asidi. Hilo nalo lina ukweli ndani yake, vimeng'enya vya lisosomu vinafanya kazi karibu na pH 5. Kilichokosekana ni kipokezi kurudi. Katika hadithi kipokezi kinakamata na kuachia, ila haisemwi popote kwamba kinarudi kukamata tena.

19 Mei. Rekebisho la kipokezi

Nimeandika upya aya ya Golgi kwa kufuata kipokezi, si kimeng'enya, kwa sentensi sita. Kinakamata upande wa mwisho wa Golgi, kinafika endosomu, pH inashuka chini ya 6, kinaachia, kinarudi kitupu, kinakamata kingine. Kimeng'enya kinasafiri mara moja. Kipokezi kinakwenda na kurudi mara nyingi. SIMAMA mpya imewekwa baada ya "kinarudi kitupu", na swali lake ni: kikishindwa kuachia, nani atakosa usafiri?

Kikundi kidogo kilichosikia toleo hili kimejibu swali la klorokwini bila msaada, ila walijibu siku hiyohiyo, kwa hiyo bado halihesabiki. Kipimo cha wiki mbili ni tarehe 2 Juni. Kwa atakayeinakili kazi sasa hivi: tumia aya mpya, na usiondoe jaribio la kongosho ya mbwa hata kama muda umebana. Likitoka, ishara mbili zinaungana tena kwenye karatasi za wanafunzi.